Mpungate na Miiba Isiyoonekana

Wazazi huwaonya watoto juu ya miiba mirefu ya mpungate, nasi twaiona hiyo kuwa nafuu, maana yaonekana. Itesayo hasa ni ile laini kama vumbi, iliyojikusanya katika vidoa vya ganda la tunda, kila mmoja na vindoana vyake.

Huko Laikipia, Kenya, iko mipungate ya namna kadhaa, miongoni mwao hii miwili. Mmoja hurefuka kama mti, na tunda lake likiiva huwa la njano, la rangi ya chungwa au jekundu. Wa pili ni kichaka kifupi. Tunda lake ni dogo, la zambarau nje na ndani. Basi msiitegemee rangi pekee. Tazameni ncha ya juu: tunda bichi lina kishimo, nalo likiiva kishimo hicho hujaa. Likichumwa bichi, halizidi utamu nyumbani.

Lichumeni kwa koleo, upepo ukiwa umetulia. Kateni ncha zote mbili, pasueni ganda kwa urefu, mlifunue.

Mtoto akichomwa, asijisugue wala asinyonye kidole. Ng'oeni kwa kibano. Iliyobaki ipakeni gundi nyeupe juu ya shashi, ikauke, kisha mbandue. Ikiingia jichoni, mpelekeni hospitali upesi.