Boksi Litapanda au Litashuka?

Boksi la kilo 10 limewekwa juu ya ubao ulioinama nyuzi 30. Kamba yake inapita kwenye kapi lililo juu ya ubao, na upande wa pili inaning'inia ndoo. Nani atamvuta mwenzake?

Ukilinganisha kilo kwa kilo utakosea. Ubao hubeba sehemu ya uzito, hivyo kwa mwinamo huu boksi huvuta kamba kama mzigo wa kilo 5 tu. Pasipo msuguano, hata ndoo ya kilo 6 italipandisha.

Msuguano nao hupinga upande wowote boksi linakotaka kwenda. Ukiweza kuzuia hadi uzito wa kilo 2, boksi litapanda ndoo ikizidi kilo 7, na kuteremka ikipungua 3. Katikati ya hapo, halisogei.