Wastani wa gharama ya mtaji: mkopo na hisa katika hesabu moja

Kampuni hupata fedha zake kwa milango miwili mikubwa, mkopo na hisa. Benki inadai riba, na mwenye hisa anadai faida inayolingana na hatari aliyojitwika. Wastani wa gharama ya mtaji, ambao vitabu vya fedha huuandika WACC, unayaunganisha madai hayo mawili kuwa asilimia moja, kila dai likihesabiwa kwa uzito wake. Mradi unaozalisha chini ya asilimia hiyo unawapunguzia wenye hisa mali yao, hata kama taarifa ya mapato inaonyesha faida.

Tuseme kuna kampuni ya kusaga nafaka Tanzania Bara yenye hisa milioni 40, kila moja ikiuzwa sokoni kwa shilingi 1,500. Inadaiwa na benki shilingi bilioni 40.

Upande wa deni ni mwepesi. Mkopo ulianza kwa riba ya asilimia 11, lakini mkataba wake unafuata soko, na sasa riba imefika asilimia 15. Mwanafunzi akichukua riba iliyolipwa miaka ya nyuma na kuigawa kwa deni, atapata gharama iliyopitwa na wakati. Linaloulizwa ni fedha zitakazokopwa leo zitagharimu nini. Halafu ipo kodi. Kwa kawaida riba hutolewa kwenye mapato kabla ya kodi ya kampuni, ambayo ni asilimia 30, kwa hiyo gharama halisi ni 15 × (1 − 0.30), yaani asilimia 10.5. Nafuu hiyo ni ya kampuni yenye faida ya kutozwa kodi; inayopata hasara haina cha kupunguziwa mwaka huo.

Ugumu uko kwenye hisa, kwa sababu mwenye hisa haleti ankara. Gawio analopewa si gharama yote, maana anatarajia pia bei ya hisa ipande. Wengi hutumia kanuni aliyoichapisha William Sharpe mwaka 1964: faida ya hati fungani za serikali, kisha nyongeza ya hatari ya soko la hisa ikizidishwa kwa beta, kipimo cha jinsi hisa hiyo inavyoyumba pamoja na soko. Hati fungani zikitoa asilimia 12, nyongeza ikiwa 8 na beta 1.25, gharama ya hisa ni 12 + 1.25 × 8, yaani asilimia 22.

Beta ndiyo ya kutiliwa shaka. Katika soko dogo, hisa inaweza kukaa siku kadhaa bila kuuzwa, bei ikaganda, na hesabu ikatoa beta ndogo kana kwamba kampuni haina hatari. Utulivu huo ni wa kukosa wanunuzi tu. Ni salama zaidi kuazima beta ya kampuni za kazi hiyohiyo zinazouzwa kila siku, kisha kuirekebisha kwa tofauti ya madeni.

Sasa uzito. Thamani ya hisa sokoni ni 40,000,000 × 1,500, yaani shilingi bilioni 60. Pamoja na deni, mtaji wote ni bilioni 100:

WACC = 0.60 × 22 + 0.40 × 10.5 = 17.4

Hapa ndipo wengi hupotea. Mizania ya kampuni inaonyesha mtaji wa wanahisa wa bilioni 20 tu, kwa kuwa inabeba fedha zilizowekwa zamani na faida iliyobakizwa. Anayetumia namba hiyo atalipa deni uzito wa theluthi mbili na kupata takriban asilimia 14.3. Tofauti hiyo si ndogo. Kinu kipya cha shilingi bilioni 10, chenye kuingiza bilioni 1.6 kila mwaka bila kikomo baada ya kodi, kitaonekana kuwa na thamani ya takriban bilioni 11.2, na bodi itakipitisha. Kwa 17.4, thamani yake ni takriban bilioni 9.2. Wanahisa wamepoteza shilingi milioni 800 hivi, na hakuna aliyeiba.

Kwa kuwa deni ni rahisi kuliko hisa, huja wazo la kukopa zaidi ili wastani ushuke. Franco Modigliani na Merton Miller walionyesha mwaka 1958 kwamba, kodi ikiwekwa kando, haushuki: deni likiongezeka, wenye hisa hubeba hatari kubwa zaidi na kudai zaidi, na unafuu wote humezwa. Kinachobaki ni nafuu ya kodi, nayo huliwa na hofu ya kufilisika deni linapozidi.

Hiyo 17.4 ni ya kusaga nafaka. Kampuni hiyohiyo ikitaka kujenga hoteli Zanzibar, mradi huo upimwe kwa gharama ya mtaji ya biashara ya hoteli.