Laki moja na themanini imekwenda, mwezi bado

Tuseme ni tarehe 3. Muuza duka wa Mbagala, mshahara wake shilingi 450,000, anapokea ujumbe kwamba ameingiziwa pesa, kisha simu ya mtu anayelia: "Dada yangu, nimekosea namba, nirudishie." Anatuma 180,000. Akiangalia salio ndipo anagundua hakuna kilichoingia. Ujumbe ule ulitoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, si kwa mtandao.

Kuanzia hapo anashindana na wakala. Pesa ikiwa bado kwenye akaunti ya tapeli, mtandao unaweza kuizuia. Ikishatolewa taslimu, hakuna kitufe cha kuirudisha. Kwa hiyo asimpigie tapeli kumbembeleza. Apige 100, huduma kwa wateja, aseme wazi: "Nimetapeliwa, naomba mzuie pesa kwenye namba hii." Awe na namba ya muamala, kiasi na saa, vyote vimo kwenye ujumbe wa kutuma pesa, ambao hapaswi kuufuta. Kama alitaja namba yake ya siri, aibadilishe papo hapo. Namba ya tapeli airipoti pia TCRA kupitia 15040, kisha aende polisi kuchukua RB. Mtandao hautampa taarifa za usajili za mwenye namba ile; polisi ndio wanaoweza kuziomba.

Siku zinazofuata huja tapeli wa pili. Anajua kilichotokea, anajiita ofisa, anataka "ada kidogo" ili pesa irudi. Akate simu.

Sasa bajeti. Katika hesabu, pesa iliyoibwa iandikwe sifuri hata kama malalamiko yamepokelewa. Mkopo wa simu unavutia kwa sababu unaingia mara moja, lakini marejesho yake yatakata mshahara ujao kabla haujafika sokoni. Mimi ningeanza na watu.

Alipanga kodi 80,000, chakula 200,000, nauli 50,000, umeme na maji 30,000, mchezo 40,000 na ada ya mtoto 50,000. Mkononi ana 270,000. Nauli, umeme na maji haviguswi. Bila nauli hakuna kazi. Mwenye nyumba aombwe apokee nusu, 40,000. Kijumbe wa mchezo aambiwe mapema, kabla ya siku ya kutoa, kwamba zamu hii itachelewa. Wengi hukubali wakiambiwa, hukasirika wakikwepwa. Mhasibu wa shule aombwe asubiri. Hapo zimepatikana 130,000. Zilizobaki 50,000 zitoke kwenye chakula: nyama ipungue, dagaa na maharage viongezeke, unga ununuliwe kwa mkupuo badala ya kupimiwa kila jioni.

Ile 130,000 ni deni, haijafutika. Agawe kwa miezi mitatu, kama 43,000 kila mwezi, na kila anayemdai ajue tarehe yake. Mtandao ukirudisha chochote, kianzie kwa mwenye nyumba.