Nani Humpa Nani Amri Katika Jiko la Hoteli

Mayai ya Meyerbeer si chakula kigumu. Ni mayai yaliyoivishwa kwa siagi, figo ya mwanakondoo iliyochomwa, na sosi ya trufa, uyoga wa bei ghali unaoota chini ya ardhi. Mpishi mmoja akiyaandaa peke yake, akatoka kwenye mayai akaenda kwenye figo, kisha akarudi kushughulikia sosi, hutumia kama dakika 15. Mfaransa Auguste Escoffier, aliyeanza kuongoza jiko la Hoteli ya Savoy jijini London mwaka 1890, aliigawa kazi hiyo kwa watu watatu. Wa kwanza aliivisha mayai, wa pili akachoma figo, wa tatu akatoa sosi, na wote walianza kwa pamoja. Sahani ikawa inatoka kwa dakika chache tu.

Escoffier alikuwa ameanza kazi akiwa na miaka 13, katika mkahawa wa ami yake mjini Nice. Mwaka 1870, Ufaransa ilipopigana na Prussia, alipelekwa kuwapikia maofisa wa jeshi. Jeshini aliona jinsi agizo linavyoshuka ngazi kwa ngazi bila mtu wa chini kupokea maagizo mawili yanayopingana, na utaratibu huo akauhamishia jikoni. Ndiyo maana wapishi wa hoteli hadi leo huitwa brigedi, nao wana vyeo.

Mabadiliko hayo yalikuja wakati ulaji wenyewe umebadilika. Zamani, katika karamu za matajiri wa Ulaya, vyakula vingi viliwekwa mezani kwa mpigo na wageni wakajipakulia huku vikipoa. Katika karne ya 19 ulienea mtindo wa kuleta mlo mmoja baada ya mwingine, kila mtu na sahani yake, ya moto. Mgeni alifurahi, lakini jiko likabebeshwa mzigo mpya: sahani nne za meza moja, zilizopikwa na watu tofauti kwa muda tofauti, ziwe tayari kwa dakika ileile. Brigedi ipo kwa ajili ya dakika hiyo.

Ukiingia leo katika jiko la hoteli kubwa ya Zanzibar, Mombasa au Nairobi, utakuta vyeo vilevile, ingawa majina yamezoea ndimi za wenyeji. Juu kabisa yupo mpishi mkuu, ambaye wengi humwita shefu tu. Watu hudhani huyu ndiye anayepika kuliko wote, na sivyo. Muda wake mwingi huishia kwenye menyu, bei ya samaki, ratiba za zamu na kuonja. Chini yake yupo sushefu, naye ndiye anayelishika jiko wakati wageni wamejaa. Kisha wanafuata mashefu de pati, kila mmoja na kitengo chake: mwenye sosi na vitoweo vya mchuzi, mwenye jiko la kuchomea, mwenye wali, viazi na mboga, mwenye jiko baridi la saladi na vianzio, na mwenye keki na vitamu. Hoteli kubwa huwa pia na mpishi wa zamu, anayezunguka kujaza nafasi ya yeyote aliye mapumzikoni, na kwa hiyo hulazimika kuvijua vitengo vyote. Kila shefu de pati anasaidiwa na demi shefu pamoja na makomi. Komi ndiye anayemenya, anayekatakata, anayepima na kubandika tarehe kwenye vyombo vya friji.

Pembeni yao wapo mastewadi wa kuosha vyombo. Wageni hawawajui, ila stewadi asipofika kazini, sahani safi zinaisha na jiko zima linasimama mapema kuliko akikosekana mpishi wa kitengo chochote.

Bado kuna mmoja. Anasimama kwenye kaunta inayotenganisha jiko na ukumbi, ile ambayo wapishi huiita pasi. Huyu ni mwita oda. Katika hoteli nyingi kazi hii hufanywa na sushefu mwenyewe, kwa sababu usiku wa shughuli hakuna sauti nyingine inayoruhusiwa kupanga saa za jiko.

Chukua meza ya watu wanne, iwe namba 12, katika hoteli ya pwani. Wameagiza supu mbili za pweza na saladi mbili za kuanzia. Mlo wenyewe ni changu mzima wa kuchoma, steki iliyoiva kiasi, kuku wa kupaka, na mchicha wa nazi kwa wali kwa yule asiyekula nyama. Saa 2:05 usiku mhudumu anaandika oda hiyo na kikaratasi kinafika kwenye pasi. Hakipelekwi kwa mpishi yeyote. Mwita oda anakisoma kwa sauti, kitengo kwa kitengo, na kila mkuu wa kitengo anajibu kwa kurudia kilicho chake: “Changu mmoja, steki moja ya kiasi, sawa shefu!” Asiyejibu anaitwa tena hadi ajibu. Oda isiyojibiwa huhesabiwa kuwa haijasikika, hata kama mpishi ametikisa kichwa.

Supu na saladi zinatoka saa 2:15. Mlo mkuu bado haujawekwa motoni. Wapishi wanajua tu kwamba unakuja, kwa hiyo komi anamtoa changu kwenye friji na steki inaachwa nje ya baridi kidogo. Saa 2:20, wageni wakiwa katikati ya supu, mwita oda anaagiza meza ya 12 ianze na kuuliza muda. Mwenye jiko la kuchomea ndiye mwenye kitu kirefu kuliko vyote: “Dakika 20.” Jibu hilo linakuwa saa ya jiko zima, na wengine wote wanahesabu kurudi nyuma kutoka hapo.

Changu anaingia motoni papo hapo. Steki inasubiri hadi saa 2:27, kwani itachomwa dakika 8 na kupumzishwa dakika 5 kabla ya kukatwa, la sivyo maji yake yatamwagika kwenye sahani. Mwenye sosi hamgusi kuku hadi saa 2:33. Kuku alikwisha kuchomwa mchana na tui lenye viungo liko tayari, kwa hiyo kilichobaki ni kumpitisha motoni na kumpaka. Mchicha unaingia wa mwisho, saa 2:37, maana ukisubiri unapoteza rangi. Saa 2:40 vyote vinne vinafika kwenye pasi. Mwita oda anaangalia kila sahani, anapangusa ukingo, anakilinganisha kila kitu na kikaratasi, kisha anamwita mhudumu.

Kuharibika kwake hakuhitaji balaa kubwa. Tuseme saa 2:30 mgeni wa steki anabadili mawazo, anataka iive kabisa. Mhudumu mwenye haraka anapita mlango wa nyuma na kumnong’oneza mchomaji moja kwa moja. Mchomaji anakubali na kuiongezea steki muda. Mwita oda hana habari, na mwenye sosi na mwenye mboga hawana habari. Saa 2:40 sahani tatu zipo kwenye pasi na ya nne haipo. Dakika 5 baadaye tui la kuku limeshika utando juu, ngozi ya changu iliyokuwa kavu imelegea, na mchicha umegeuka rangi. Mgeni anaweza kulitambua kosa hili hata bila kuliona jiko: ukingo wa sahani unaunguza vidole kwa sababu ya taa za joto, ilhali chakula katikati ni vuguvugu.

Mhudumu yuleyule angemwambia mwita oda, yangetamkwa maneno mawili, saa ya mchicha na kuku ingesogezwa, na meza ingechelewa kidogo kwa pamoja. Wageni huvumilia kuchelewa pamoja. Wasichovumilia ni mmoja wao kutazama wenzake wakila.

Amri zinashuka, lakini habari lazima zipande, na hapa ndipo majiko mengi yanapokwama. Komi akiona wamebaki changu wawili tu, anamwambia shefu de pati wake. Huyo anamwambia mwita oda, naye anawatangazia wahudumu kabla hawajauza wa tatu. Usiku jiko likifungwa, komi anahesabu tena kilichobaki kwenye friji, mkuu wa kitengo anaandika kinachohitajika kesho, na sushefu anakusanya orodha zote kuwa oda moja ya stoo na ya wavuvi. Katika jiko ambalo komi anaogopa kusema, samaki huuzwa wasiokuwepo na kitunguu huagizwa mara mbili.

Woga huo hauzuki wenyewe. Utaratibu wa vyeo umetumiwa na wakubwa wengi kama ruhusa ya kutukana na hata kurusha sufuria, na vijana wengi wameikimbia kazi hii kwa sababu hiyo. Ni kulipotosha wazo la mwanzo. Majiko ya wakati wa Escoffier yalikuwa na moto wa makaa, kelele na ulevi, naye aliyapiga marufuku matusi na pombe kazini, akaagiza jikoni pawe na kinywaji cha shayiri cha kuwapoza wapishi. Amri kali inaweza kutolewa kwa sauti ya kawaida. Tena husikika vizuri zaidi.

Mkahawa mdogo wenye wapishi watatu hauwezi kuwa na vyeo hivi vyote, wala hauna haja navyo. Mtu mmoja atachoma na kukaanga, wa pili atashika wali, mboga na saladi, na mwenye mkahawa atasimama kwenye kaunta akisoma oda. Kinachobaki ni yale mambo mawili ya meza ya 12: oda ipite kwa mtu mmoja, na kila aliyepewa ajibu kwa sauti. Vyuo vinavyofundisha kazi za hoteli, kama Utalii cha Nairobi kilichoanzishwa mwaka 1975, huwaingiza wanafunzi kwenye majiko yanayohudumia wageni wa kweli, kwa kuwa mazoea ya kuitwa na kujibu hayapatikani daftarini.

Nawe msomaji, ukikaa mezani ukiwa na mzio wa karanga, kamba au maziwa, liseme wakati oda inaandikwa, na umwone mhudumu akiliandika kwenye kikaratasi. Hapo litasomwa kwa sauti mbele ya vitengo vyote na kila mpishi atalijibu. Ukilisema baadaye, sahani zikiwa zimeshaanza, litamfikia mmoja tu, na huenda siye anayepika sosi yako.