Ndoano Ilikuwa Imeshika Wapi?

Fundi wa minara ya simu akianguka, ripoti nyingi huanza kwa swali moja: alikuwa amevaa mkanda au hakuvaa? Jibu lake halimfikishi mchunguzi mbali. Mkanda wa mwili mzima, ule unaopita mabegani na mapajani, haumzuii mtu kuanguka. Humdaka akishaanguka, na umdake vizuri au vibaya hutegemea ndoano ilishika chuma gani, na chuma hicho kilikuwa juu yake au chini.

Tuseme ajali imetokea kwenye mnara mmoja nchini Kenya. Nimeibuni, lakini hesabu zake ni za kweli. Fundi yuko mita 42 juu, anabadilisha antena. Kamba yake ya usalama ina urefu wa mita 1.8, na katikati yake kuna kile kifurushi cha utepe ulioshonwa kwa kukunjwa, ambacho nyuzi zake hufumuka taratibu ili kupunguza nguvu ya kumdaka mtu. Ndoano ameitia kwenye chuma kilicho karibu na miguu yake, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na mkono. Mguu unateleza.

Pale kamba inapofungwa mwilini, mgongoni, ni kama mita 1.4 kutoka miguuni. Kwa hiyo fundi huyu anashuka mita 1.4 hadi usawa wa ndoano, kisha mita 1.8 nyingine kabla kamba haijakaza: jumla mita 3.2. Kifurushi kinaanza kufumuka, lakini mita 3.5 chini ya pale aliposimama pana boriti ya mnara, na miguu yake inaigonga. Anavunjika mguu, anapinduka, anabaki kuning'inia. Angeitia ndoano juu ya kichwa, mita 2.2 kutoka miguuni, angeshuka mita moja tu kabla kamba haijakaza, na boriti ile asingeifikia.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu aliye mita 42 juu hudhani nafasi ya kuanguka anayo tele, kwani ardhi iko mbali. Kwenye mnara, ardhi yako ni chuma cha kwanza kilicho chini yako.

Mchunguzi anaweza kuisoma habari hii bila shahidi. Kifurushi kilichofumuka sentimita 30 hivi, na mguu uliovunjika, vinamwambia kwamba boriti ndiyo iliyochukua pigo. Kingekuwa hakijafumuka kabisa, angeuliza kama ndoano ilikuwa imeshika popote. Aangalie pia chuma chenyewe: je, ni nguzo ya mnara, au ni kishikio cha nyaya au cha antena, ambacho hakikutengenezwa kubeba mtu anayedondoka? Kiwango cha Ulaya hupima nanga kwa kilonewtoni 12, takriban uzito wa gari dogo. Vishikio vya nyaya havikaribii hapo.

Sasa tugeukie makaratasi. Kibali cha kufanya kazi juu kilitolewa saa moja asubuhi kwa antena iliyo mita 30. Saa tano mhandisi akapiga simu: ukimaliza hapo, panda ubadilishe na ile ya juu. Hakuna aliyerudi kuangalia ndoano zitashika wapi huko juu. Na kwenye mstari wa uokoaji paliandikwa "piga simu zima moto".

Huo si mpango. Mtu anayening'inia bila kusogeza miguu, damu hukusanyika mapajani na miguuni, na anaweza kuzirai ndani ya dakika chache. Wa kumshusha ni mwenzake aliyefunzwa, mwenye vifaa vya kushushia vilivyo pale pale mnarani. Katika mfano wetu vifaa vilikuwa garini, na mwenzake pekee alikuwa dereva asiyewahi kupanda. (Wapo bado wanaofundisha kwamba aliyeshushwa asilazwe. Mapitio yaliyofanywa kwa ajili ya mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza mwaka 2009 hayakupata ushahidi wa hilo. Apewe huduma ya kwanza ya kawaida.)

Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2007, mwajiri hupeleka taarifa ya maandishi kwa afisa wa usalama na afya kazini wa eneo lake ndani ya siku 7. Mtu akifa, afisa huyo ajulishwe ndani ya saa 24, na maandishi yafuate. Mambo mengi ya kweli hupotea kabla ya siku hizo kuisha: kamba hurudishwa stoo, na kibali huongezewa mstari kwa kalamu nyingine. Majeruhi akishashuka salama, kwa hiyo, ndoano iachwe ilipo, ipigwe picha pamoja na chuma ilichoshika, na kibali kichukuliwe kama kilivyo, hata kama kimeandikwa mita 30.