Laini Yako Isibaki Kwenye Akaunti ya Ofisi

Mwanafunzi wa fildi anapokaribia kumaliza, mara nyingi maelezo ya makabidhiano huandikwa saa za mwisho, na mstari wa kwanza huwa ni nywila. Mstari huo ufutwe. Karatasi ya makabidhiano hutolewa kopi, hupigwa picha, hutumwa WhatsApp, na hubaki kwenye simu za watu walioondoka zamani. Andika jina la akaunti, kazi yake, na cheo cha mtumishi anayetunza nywila. Basi.

Lakini nywila si mlango pekee. Chukua ofisi ndogo inayopokea maombi kwa Gmail. Mwanafunzi aliyeifungua aliweka namba yake mwenyewe ya kupokea msimbo wa uthibitisho. Ameondoka, mwenzake mpya anaandika nywila sahihi kabisa, na msimbo unaingia kwenye simu iliyoko Mbeya. Ofisi imefungiwa nje ya barua zake yenyewe.

Kwa hiyo, siku chache kabla ya kuaga, kaa na msimamizi mbele ya kompyuta. Fungueni myaccount.google.com, sehemu ya Security. Kwanza ongezeni namba ya simu ya ofisi na mhakikishe msimbo unafika. Ndipo muondoe yako. Ukianza kwa kuondoa, mnaweza kujifungia wote wawili. Angalieni pia namba na barua pepe ya kurejesha akaunti, kwani hizo ndizo husahaulika. Kisha msimamizi abadilishe nywila mwenyewe, wewe usiione, na aondoe simu yako kwenye orodha ya vifaa. Mwisho ajaribu kuingia kwa dirisha la faragha. Akiingia bila kukupigia, mmemaliza.

Mafaili yana mtego wa aina hiyo hiyo. Jedwali ulilolitengeneza kwenye Google Drive kwa akaunti yako binafsi ni lako hata kama ofisi nzima inalitumia. Ukiifuta akaunti, nalo linapotea. Umiliki unaweza kuhamishiwa Gmail nyingine, na anayepewa lazima akubali. Ikiwa ofisi inatumia akaunti za taasisi, uhamisho huo haukubaliki kutoka akaunti binafsi, hivyo mtumishi atengeneze nakala kwa akaunti ya kazi, na maelezo yaseme nakala ipi ndiyo hai.

Kwenye mawasiliano, andika cheo, namba ya ofisi na jambo analoshughulikia mtu huyo. Namba binafsi za wateja zibaki kwenye mfumo wa ofisi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kazi zilizobaki ndizo zinazohitaji sentensi nzima. “Barua ya takwimu bado” haimsaidii mtu. Mwandikie hivi: “Barua ya kuomba takwimu ilipokelewa masjala tarehe 12 Juni, inasubiri saini ya mkurugenzi. Nakala iko kwenye folda ya Barua Zilizotoka. Isiporudi kufikia tarehe 20, muulize katibu muhtasi, si masjala.”