Kisanduku cha 1 Hakilingani na Mshahara

Kabla Januari haijaisha, kila mwajiri wa Marekani hutakiwa awe amempa mfanyakazi wake karatasi iitwayo W-2. Ni muhtasari wa mwaka mzima wa kazi: amelipwa nini, amekatwa nini, na kodi iliyokatwa imepelekwa serikali ipi. Kwa Mkongo aliyehamishiwa huko kama mkimbizi na sasa anakata nyama kiwandani, au Mkenya anayehudumia wazee usiku, lugha ya karatasi hiyo si Kiingereza kile anachokisikia dukani au kazini. Ni Kiingereza cha wahasibu, ambacho hata wenyeji wengi huwalipa watu wawasomee.

Ahueni ni kwamba kila kisanduku kina namba, na namba hizo hazibadiliki kutoka kampuni moja hadi nyingine. Anayejua kazi ya visanduku vinne au vitano vya mwanzo amekwisha kuijua sehemu kubwa ya karatasi.

Kinachowashtua watu kwanza ni kisanduku cha 1. Tumchukue mfanyakazi wa mfano, hajaoa, na hati yake ya mwisho ya malipo ya Desemba inaonyesha kwamba kwa mwaka 2024 alipata jumla ya dola 38,000. Anafungua W-2 na kukuta 34,020 kwenye kisanduku cha 1, halafu 35,920 kwenye kisanduku cha 3 na cha 5. Mshahara ni mmoja, lakini tarakimu ni tatu. Wengi hapo humshuku mwajiri kwamba ameiba, na kisa kama hicho huweza kuzungushwa msikitini au kanisani wiki nzima kabla hajapatikana mtu wa kukifafanua.

Ufafanuzi uko kwenye makato. Mfanyakazi huyu alikatwa dola 80 kila baada ya wiki mbili kwa ajili ya bima ya afya, yaani 2,080 kwa mwaka. Aliweka pia asilimia 5 ya mshahara, dola 1,900, kwenye akiba ya uzeeni inayojulikana kama 401(k). Bima ya namna hii inayokatwa kupitia mwajiri kwa kawaida hutolewa kabla ya kupigwa kodi zote. Akiba ya uzeeni hutolewa kabla ya kodi ya mapato tu, lakini hutozwa mchango wa hifadhi ya jamii na wa Medikea, ile bima ya afya ya wazee. Kwa hiyo visanduku vya 3 na 5 vimepungua kwa bima peke yake, na kisanduku cha 1 kimepungua kwa bima na akiba. Ile 1,900 inaonekana tena kwenye kisanduku cha 12, kando ya herufi D, na kwa herufi hiyo mtu huhakikisha kuwa fedha haikupotea.

Mchango wenyewe ni rahisi kuukagua. Kisanduku cha 4 kiwe asilimia 6.2 ya kisanduku cha 3, hapa dola 2,227.04; kisanduku cha 6 kiwe asilimia 1.45 ya kisanduku cha 5, yaani 520.84. Hesabu zikikataa, ofisi ya mishahara ndiyo ya kuulizwa kwanza, nayo ikikiri kosa hutoa karatasi ya masahihisho iitwayo W-2c.

Kisanduku cha 2 ni habari nyingine kabisa. Hiyo ndiyo kodi ya mapato ambayo mwajiri alikuwa akiizuia kila siku ya malipo na kuipeleka IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu. Tuseme ni dola 2,600. Kwenye hati ya malipo kodi hiyo ilikaa safu moja na bima na akiba, zote zikiitwa makato, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Bima na akiba hupunguza mapato kabla kodi haijapigwa. Kodi iliyozuiwa haipunguzi mapato hata senti; ni malipo ya awali kwa deni ambalo hesabu yake kamili bado haijafanyika.

Hesabu hiyo hufanyika kwenye fomu 1040, ambayo mtu huiwasilisha kufikia Aprili 15. Katika fomu ya mwaka 2024, kisanduku cha 1 kinahamia mstari wa 1a: 34,020. Mfanyakazi huyu hana mapato mengine, kwa hiyo tarakimu hiyo inashuka hivyo hivyo hadi mstari wa 11. Mstari wa 12 unampa punguzo la kawaida, ambalo kwa mtu asiye na ndoa lilikuwa dola 14,600 mwaka huo. Halihitaji risiti wala maelezo. Likitolewa, mstari wa 15 unabaki na 19,420, na hayo ndiyo mapato yanayotozwa kodi. Dola 11,600 za kwanza hutozwa asilimia 10 na zinazobaki hutozwa asilimia 12. Jedwali la IRS linatoa kodi ya dola 2,099.

Sasa ndipo kisanduku cha 2 kinaingia, kwenye mstari wa 25a, ukurasa wa pili. Alikwisha kulipa 2,600, alidaiwa 2,099, kwa hiyo mstari wa 34 unaonyesha kwamba amezidisha 501, na zitarudishwa. Anayeshangilia marejesho makubwa kama zawadi ya serikali anashangilia fedha yake mwenyewe aliyoikopesha bila riba, ingawa kwa familia zenye watoto nafuu za kodi huweza kweli kuongeza kitu juu yake.

Makosa ya kuchanganya mistari yana bei inayojulikana. Mfanyakazi huyu akiandika tarakimu ya kisanduku cha 3 kwenye mstari wa 1a, atatozwa asilimia 12 ya dola 1,900 zaidi, yaani 228 za bure. Akiandika kisanduku cha 1 sawasawa kisha akatoa bima na akiba mara ya pili, atakuwa amepunguza mapato isivyo halali, na IRS, ambayo ina nakala ya W-2 hiyo, itamwandikia barua.

Lakini kosa baya zaidi hutokea mwanzoni, siku ya kuajiriwa. Mfanyakazi mpya hujaza fomu W-4 inayomwongoza mwajiri katika kuzuia kodi, na ndani yake ipo nafasi ya kudai msamaha. Masharti ni mawili: mwaka uliopita hakudaiwa kodi ya mapato, na mwaka huu hatarajii kudaiwa. Mkimbizi aliyefika juzi anatimiza la kwanza bila shaka, kwani mwaka uliopita alikuwa kambini. La pili, kwa mshahara huu, halitimizi. Akidai msamaha, kila malipo yanakuja yamenona, kisha Januari kisanduku cha 2 kiko kitupu na Aprili deni la 2,099 linamsubiri, pengine na adhabu juu yake.

Dalili huonekana mapema kwenye hati ya malipo: mchango wa hifadhi ya jamii unakatwa, ila kodi ya serikali kuu ni sifuri. Dawa yake ni kumpa mwajiri W-4 mpya, jambo linaloruhusiwa wakati wowote, na kwenye hatua ya 4(c) mtu anaweza kuomba azuiliwe kiasi cha ziada kila malipo ili kufidia miezi iliyopita. Na kama Aprili imefika na fedha hakuna, fomu iwasilishwe hivyo hivyo. Kutoiwasilisha hutozwa hadi asilimia 5 ya deni kila mwezi; kuchelewa kulipa ni nusu asilimia tu, na IRS hukubali kulipwa kwa awamu.